Siku Binti Yangu Alipokuwa Mlezi Wangu

Kwa elimu yangu ya darasa la nne nimejenga nyumba tatu hapa Mbeya, ila kucheza gemu ya mpira mtandaoni na binti yangu aliye chuoni Iringa kulinishinda. Yeye hutumia kompyuta, mimi mashine ya gemu ya kwenye runinga. Kila akinialika, yangu inakataa, nami nimemkumbuka.

Akapiga simu. "Baba, kwenye akaunti ya mashine yako uliandika umezaliwa lini?"

"Tarehe yangu siijui. Niliandika siku niliyofungua duka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe una miaka kumi na minne! Mtoto hachezi na watu wa mashine nyingine mpaka mlezi aruhusu. Na akaunti ya gemu uliyounganisha inafuata umri huo huo."

Nikamkubali awe mlezi wangu kwenye akaunti, akafungua ruhusa. Jina lake likatokea kwenye runinga.

"Haya mwanangu, anza."

"Ndiyo, mama," nikajibu, mimi bosi mzima.