Kichwa Bila Maneno Yake

Watu wa Eldoret walimjua Esther Kavetsa kama mama mwenye maringo, na walimkosea sana. Maringo hakuwa nayo. Alikuwa tu na tabia moja iliyowachosha: ukimwambia afanye kitu, huuliza kwanza kitu hicho ni nini.

Mwaka wa tisini na moja, chama kikiwa bado kimoja na picha ya Rais ikiwa kwenye kila ukuta, Kavetsa alikuwa karani wa mradi wa wakulima uliokuwa na ofisi ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Mle ndani kulikuwa na kompyuta, na kando yake kidude cha kuiunganisha na simu, kikipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kompyuta ya makao makuu Nairobi ilipiga simu, barua zikaingia na nyingine zikatoka. Wageni wa mradi waliziita imeili. Mjini wengi hawakuamini kuwa kitu kama hicho kipo.

Barua za wakulima ziliandikwa Nairobi na Bwana Gathogo, msomi wa mimea, mtu mwema ambaye Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama muhogo mbichi. Ndiyo maana kila mara alimwomba Kavetsa amtafutie kichwa, ule mstari mmoja wa juu unaosema barua inahusu nini. Na mstari huo haukuwa pambo. Kavetsa akishauandika, alipiga simu kwenye vituo vya Ainabkoi na Turbo, na karani wa kituo akauandika kwa chaki kwenye ubao wa nje. Barua yenyewe ilipigwa chapa na kufuata kesho yake na gari la mradi. Kwa hiyo kwa siku nzima wakulima waliishi na kichwa peke yake, na walikifuata kama amri.

Basi Aprili ile mvua ilikuwa imeshaanza. Kwenye stoo ya Ainabkoi kulikuwa na magunia ya mbegu za viazi, na wakulima walikuwa wamekatazwa kuyagusa mpaka Nairobi iseme. Sampuli ilikuwa imepelekwa maabara. Kila mtu alijua jibu litakuwa "pandeni". Lingekuwa nini tena?

Aliyengoja kwa hamu kuliko wote alikuwa Mama Njambi, mjane aliyehamia Ainabkoi na mumewe kutoka Nyeri zamani. Shamba lake lilikuwa dogo, limelimwa likalainika kama unga, na hakuwa na lingine. Asubuhi hiyo hakuweza kukaa nyumbani. Alipanda gari la kwanza, akaja kuketi kwenye benchi la ofisi, mwavuli ukimwaga maji sakafuni.

Simu ya asubuhi ikaja. Kelele zikatulia, barua ikatokea kwenye kioo. Kavetsa akaisoma, akaisoma tena. Gathogo alikuwa ameandika: "Mama Esther, tafadhali nipatie kichwa kizuri cha barua iliyo hapa chini. Wakulima wakipate leo bila kukosa." Hapo chini hapakuwa na kitu. Kavetsa aliteremsha maandishi kwenye kioo mpaka mwisho, akaona patupu. Akaelewa kilichotokea, kwa kuwa kilishawahi kumpata yeye mwenyewe. Barua ndefu huandikwa kwenye faili yake, kisha inabidi iingizwe ndani ya imeili kabla ya kutuma. Gathogo alikuwa ameandika ombi, akasahau kuingiza barua.

"Imesema nini?" Njambi akauliza, ameshasimama.

"Haijasema, Mama. Ameniomba kichwa, lakini barua yenyewe haikuja."

Bwana Simeon Kipyego, mkubwa wa ofisi, akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai. "Sasa shida iko wapi? Si ni hii mambo ya viazi? Andika 'Ruhusa ya kupanda viazi.' Mvua inaenda hiyo."

"Bosi, pengine ni viazi. Pengine ni mahindi ya Turbo. Na hata kama ni viazi, mimi sijui amesema nini."

"Kila mtu anajua."

"Basi kila mtu aandike," alisema Kavetsa, kisha akaona amepita mpaka, akashusha sauti. "Samahani, bosi. Lakini nikiandika ruhusa, kesho asubuhi magunia yako mchangani. Nitayatoa na nini?"

Alipiga simu Nairobi. Sekretari wa huko alimwambia Bwana Gathogo ametoka kwenda maabara, amefunga chumba chake na kompyuta iko ndani, atarudi mchana. Kavetsa akamwachia maneno, kisha akaandika jibu likae tayari kwa simu ya alasiri: "Barua haikufika, ni ombi tu. Itume tena. Ukikosa nafasi, niambie mambo mawili: kumetokea nini, na wakulima wafanye nini. Hapo nitakupa kichwa."

Ila Ainabkoi hakuiacha hivi hivi. Alimpigia karani wa kituo akamwambia aandike kwa chaki: "Barua ya Nairobi haijafika yote. Stoo ibaki imefungwa mpaka jioni." Hicho ndicho kichwa pekee alichoweza kukiandika bila kudanganya.

Njambi alimkasirikia vibaya sana. "Wewe mama, unakula mshahara hapa kwa meza, mimi nakula hiyo shamba! Jirani yangu akipanda leo na mimi nisipande, utanilisha?"

Kavetsa alimmiminia chai, akaiweka kando yake kwenye benchi. Alikuwa amekasirika pia, na aliogopa, maana Kipyego alikuwa amefunga mlango wake kwa kishindo. Chai ilipoa bila kuguswa. Hivyo ndivyo wanawake wawili walivyoshinda mchana kutwa wakisikiliza mvua juu ya mabati.

Simu ya alasiri ilipokuja, barua ilikuja nzima, na juu yake pole nyingi za Gathogo. Kavetsa aliisoma mpaka mwisho. Maabara ilikuwa imekuta mnyauko ndani ya mbegu, ule ugonjwa unaokaa kwenye udongo miaka na miaka hata baada ya kung'oa kila kitu. Akakiandika kichwa bila kusita, akanyanyua simu, akamsomea karani wa Ainabkoi:

"Msipande viazi vya stoo: vina mnyauko. Gunia lisitoke."

Njambi alikaa chini. Mnyauko aliujua. Ulishamaliza shamba la ndugu yake kule alikotoka, mpaka akaliuza.

"Na ubao wa asubuhi," alisema polepole, "ndio uliwazuia?"

"Ndiyo, Mama."

Njambi akachukua ile chai baridi akainywa yote. Kipyego naye alifungua mlango, akasema, "Pole, Mama Esther," akaufunga tena taratibu, na kwa mtu kama Kipyego hilo lilikuwa hotuba.

Miaka ile watu hawakuonyeshana barua. Mtu aliyetaka barua yake ichukuliwe na gari la mradi alikuja kwa Kavetsa na bahasha iliyogundishwa, akaomba aandikiwe juu yake kwamba ni jambo la maana, basi. Njambi ndiye aliyekuwa msiri kupita wote, hata jina la mwanawe aliyekuwa Nakuru hakuna aliyelijua.

Mwezi wa Juni dereva wa mradi alileta karatasi kutoka Ainabkoi. Haikuwa na bahasha. Ilikuwa barua ya Njambi kwa mwanawe, kurasa tatu, yote iko wazi, ugomvi wao na machozi yake na mambo ambayo mama haambii mtu. Juu alikuwa ameacha mstari mmoja bila kitu, na pembeni ameandika: "Mama Esther, nitafutie kichwa. Soma yote kwanza."