Bisimwa, Msalaba na Aoriste

Karatasi za serikali zilimjua kama citoyen, yaani mwananchi, Bisimwa, basi. Jina lake la ubatizo, Ignace, lilikuwa limepigwa marufuku na serikali hiyo pamoja na tai za shingoni. Katika shule ya wachungaji, kwenye kilima kimoja cha Bukavu, watu waliendelea kumwita Ignace, lakini kwa sauti ya chini, kama wanaoficha kuku wa jirani.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi kule Mumosho kabla ya kupata wito. Wengine husikia wito kutoka mbinguni. Yeye aliusikia kwa mke wake Emérence, aliyegundua kwamba mchungaji hupewa nyumba. Nyumba yenyewe ilijulikana: ilikuwa Luvungi, ya mabati, na shamba la mihogo nyuma yake. Mchungaji wa pale alikuwa mzee wa kustaafu, na Kanisa lilikuwa limeahidi nafasi yake kwa mwanafunzi mwenye familia atakayefaulu mwaka ule. Mwenye familia alikuwa mmoja tu. Kati ya Bisimwa na mihogo, basi, hakikubaki kizuizi ila Kigiriki.

Kigiriki kilifundishwa na Professeur Gaston, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa syllabus yake. Aliirithi kwa mmisionari aliyerudi Ulaya, akaipiga upya kwa taipu kwenye stencil, karatasi za kunakilia, bila kugusa hata nukta. Ukurasa wa vitenzi ulisema hivi: aoriste ni tendo la mara moja, limekwisha, présent ni tendo la kurudia-rudia. Vizazi vya wachungaji vilikariri sentensi hiyo, vikaihubiri kuanzia mtaa wa Kasha mpaka bondeni, na hakuna aliyedhurika.

Desturi ya shule ilikuwa kumpa kila mwanafunzi sentensi moja ya Injili siku chache kabla ya mtihani, aichambue mbele ya jury, yaani jopo la watahini. Bisimwa alipewa Luka, sura ya tisa: mtu akitaka kunifuata, ajikane mwenyewe, abebe msalaba wake kila siku, anifuate. Alifurahi. Vitenzi vitatu vya kuamuru, aoriste mbili na présent moja. Alichora mistari yake kwa wino, akaanza kuandika maelezo: abebe, aoriste, mara moja tu.

Hapo kalamu ilisimama. Katika Kigiriki, mara tu baada ya "abebe msalaba wake", kulikuwa na maneno mawili, *kath' hemeran*. Kila siku.

Alisoma tena, kwa matumaini kwamba Luka atabadili mawazo. Mara moja tu, kila siku. Asubuhi akamwendea Gaston.

"Professeur, hii *kath' hemeran* inanisumbua."

"Inakusumbua namna gani?"

"Kama aoriste ni mara moja, mutu atabeba musalaba kila siku namna gani?"

Gaston alimtazama kama anayeulizwa umri wa mama yake.

"Ignace, weye unataka kufaulu ao unataka kubishana na Luka? Jibu yenye iko mu syllabus."

Hilo lingetosha kumtuliza, kama mchana ule isingetangazwa kwamba mjumbe wa pili wa jury angekuwa pasta Venant, mwalimu wa Kigiriki aliyekuja kwa ndege kutoka Kinshasa. Ilisemekana ana ugonjwa mmoja: akisikia mtu anasema "mara moja tu" juu ya aoriste, anavua miwani. Waliokwisha kumwona akivua miwani hawajawa wachungaji hata leo.

Bisimwa akaacha kula. Akijibu kama syllabus, Venant atamwangusha. Akijibu kinyume, atamwaibisha Gaston mbele ya watu, na Gaston ndiye aliyeandika ripoti zote za wanafunzi.

"Sema katikati," Emérence alimshauri.

"Katikati ya nini? Aoriste haina katikati."

"Basi sema mbio mbio, wasisikie."

Siku ya mtihani alivaa abacost ya kuazima, ile suti isiyovaliwa na tai, yenye mabega ya mtu mwingine. Wasikilizaji, wanawake kwa wanaume, walikaa nyuma kwenye mabenchi, kama ilivyokuwa kawaida, na Emérence alikuja na kitunga chake, kwa kuwa soko halingojei Kigiriki. Mbele, Gaston na Venant walikaa bega kwa bega, wakitabasamiana kama watu wawili waliokodishiwa chumba kimoja.

"*Arnesastho*," alisema Gaston.

"Aoriste, moyen, impératif, nafsi ya tatu, umoja, kutoka *arneomai*. Ile *sa* ya katikati ni alama ya aoriste."

"*Arato*."

"Aoriste, actif, impératif, nafsi ya tatu, umoja. Inatoka ku *airo*."

"Na *sa* yake iko wapi?" aliuliza Venant.

"Haiko, pasta. Vitenzi vya namna hii vinaiacha. Tunaijua kwa shina, *ar-*. Kama ingekuwa présent, tungesoma *aireto*."

"Na *akoloutheito*?"

"Présent, actif, impératif, nafsi ya tatu, umoja. *Akoloutheo*. Epsilon mbili zimeungana, zikakuwa *ei*."

Gaston alijiegemeza, ameridhika. "Sasa tuambie tofauti ya aoriste na présent, vile tulijifunza."

Vile tulijifunza. Alifungua mdomo. "Syllabus inasema aoriste ni mara moja…"

Mkono wa Venant ukapanda kwenye miwani.

"…na kila siku," alimaliza Bisimwa, kwa woga tu.

"Mara moja na kila siku?" alisema Venant. Miwani ilikuwa bado puani, lakini kwa shida. "Eleza."

Bisimwa aligeuka kutafuta dirisha, akamwona Emérence na kitunga.

"Kila asubuhi bibi yangu anabeba kitunga ku kichwa. Kukibeba, ile ni kitu moja, nzima. Anainama, hop, kimefika. Hauangalie mu katikati yake. Kesho anabeba tena, na tena ni kitu moja, nzima. Hiyo njo aoriste. Yenyewe haihesabu. Kuhesabu ni kazi ya *kath' hemeran*."

"Na présent?"

"Présent ni kule kutembea na kitunga, kutoka Kasha mpaka ku soko. Unaingia ndani ya safari, unaiona inaendelea, mwisho hauonekane. Kwa hiyo kwa Kiswahili ningesema: abebe musalaba wake kila siku, na akuwe ananifuata."

"Na mwisho anauzisha nini?" sauti ya mwanamke mmoja iliuliza kutoka benchi.

"Mihogo ya wengine," alijibu Emérence.

Watu walicheka, ila wawili. Gaston alikuwa anatazama mikono yake. Bisimwa alikuwa anamtazama Gaston.

Jury ilitoka, ikakaa nje muda wa kutosha mtu kukumbuka dhambi zake zote na za ndugu zake. Iliporudi, Gaston ndiye aliyesoma.

"Citoyen Bisimwa amefaulu, na distinction."

Emérence alianza kigelegele. Gaston aliinua mkono.

"Pasta Venant ameomba, na mimi sikukataa, Ignace abaki hapa kufundisha Kigiriki mwaka wa kwanza. Syllabus ataiandika upya. Luvungi tutatafuta mutu mwingine. Kule hawana lazima ya aoriste."

Alisema kwa upole wote, na hakuna aliyeweza kumshitaki kwa lolote. Venant alimpa Bisimwa mkono, akampongeza kwa dhati.

Walishuka kilima. Emérence alitangulia, kitunga mkononi.

"Na mwalimu wa Kigiriki," aliuliza hatimaye bila kugeuka, "wanamupatiaka nyumba?"

"Hapana," alisema Bisimwa. "Wanamupatiaka stencil."

Emérence alisimama, akainama, akakibeba kitunga chake kichwani, akashika njia ya soko. Bisimwa akamfuata.