Sifuri Mbili za Kulwa

Nianze kwa kukiri kabisa, ili msije mkasikia kwa watu wengine huko Kahama mkadhani nimeficha: mimi ni mwalimu wa hisabati, nafundisha darasa la saba, na nimeaibika mbele ya ukumbi mzima hapa Bugarama kwa hesabu ya kugawanya. Kugawanya, jamani! Ile ile ninayowapigia watoto kelele kila Jumatatu. Mpaka leo nikipita kwenye kijiwe cha bodaboda kuna mmoja ataniuliza, "Mwalimu, kumi na nane ingia mia thelathini na tatu mara ngapi?" na wenzake wanaanguka kwa kucheka, na mimi naharakisha mwendo kama mtu aliyesahau maji jikoni.

Sasa sikilizeni. Mimi ndiye katibu wa timu yetu ya wilaya, na msimu uliopita mwenyekiti alichoka na ugomvi. Mwaka uliotangulia tuzo ya mchezaji bora ilitolewa kwa kuangaliana usoni, watu wakasusa chakula, wengine wakarusha viti. Akasema, "Mwalimu, safari hii iwe kwa alama, na siku ya tuzo utasimama uwaeleze watu hatua kwa hatua, mtu asije akasema kuna mkono wa mtu." Nikasema sawa, mwenyekiti, hilo dogo. (Hilo dogo! Mdomo wangu huu.)

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kuusingizia. Kila baada ya mechi tulikaa watu watatu, kocha, msaidizi wake na mimi, kila mmoja na karatasi yake, hakuna kuchungulia ya mwenzako, tukampa kila mchezaji alama kati ya moja na kumi. Aliyecheza kawaida, hakuharibu wala hakung'ara, anaanzia sita. Akifanya kazi nzuri anapanda, akimpa adui bao la bure anashuka, na nane ilikuwa alama ya kuonekana mara chache sana. Kisha karatasi tatu zinajumlishwa na kugawanywa kwa tatu: kocha akimpa mtu saba, msaidizi nane, mimi saba na nusu, basi alama yake ya mechi hiyo ni saba na nusu. Aliyeingia akacheza chini ya dakika ishirini hapewi alama kabisa, maana utampimaje mtu aliyegusa mpira mara nne? Mwisho wa msimu unachukua jumla ya alama zake unagawanya kwa idadi ya mechi alizopewa alama, siyo alizovaa jezi, na lazima awe na alama za mechi kumi na moja au zaidi kati ya zile ishirini na mbili, asije mtu akacheza mechi mbili nzuri akachukua kombe.

Kosa lilizaliwa Ijumaa mchana, kwenye ofisi ya walimu, kwenye kompyuta ya shule. Nilikuwa nasafisha jedwali kabla ya kuiambia mashine ipige wastani, nikamkuta Kulwa, beki wetu wa kushoto, kijana mpole hata ukimkanyaga anakuomba msamaha yeye, ana vistari viwili. Alikuwa ametoka kuumwa kifundo cha mguu, akaingizwa mara mbili dakika za mwisho, kwa hiyo hakuna alama. Mechi mbili ambazo hakucheza kabisa kisanduku kilikuwa kitupu. Nikaona vile vistari vinachafua karatasi, vinaonekana kama nimesahau kujaza. Nikaweka sifuri. Sifuri mbili tu, nadhifu. Mashine ingeruka kisanduku kitupu, ingeruka na kistari, ila sifuri ni namba, inaihesabu kama mechi aliyocheza akapata bure. Hilo najua. Nalifundisha! Lakini siku hiyo nilikuwa nawaza suruali yangu iko kwa fundi na jioni yake nina mazoezi ya hotuba.

Mashine ikasema Masanja, mshambuliaji, saba nukta moja. Kulwa wa pili, sita nukta sita sita. Nikachapa, nikapeleka kwa mwenyekiti, jina la Masanja likaenda kuchongwa kwenye kombe na kuandikwa kwenye barua. Na barua hiyo ndiyo ilikuwa jambo lenyewe, kombe ni bati tu. Timu kubwa moja ya Mwanza ilikubali kumpokea mchezaji wetu mmoja kwa majaribio ya wiki mbili, mmoja tu, naye angekuwa mchezaji bora wa msimu. Kocha wao alikuja mwenyewe kuichukua barua. Mimi nami (hapa mnaweza kunizomea) nikamnong'oneza Masanja mapema kwamba ni yeye, kwa sababu nilimpenda na sikuweza kunyamaza. Masanja akamwambia mama yake. Mama yake akaja kutoka Runzewe na akina mama sita, wote kitenge kimoja.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Mwenyekiti mbele, mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, sauti nzito, hacheki. Pembeni yake yule kocha wa Mwanza, barua mezani. Nyuma wachimbaji wa dhahabu wanaoshuka duara moja, yaani shimo moja, na Masanja, kama thelathini, wanaimba jina lake kabla hata sijapanda. Nikapewa dakika kumi. Ningesoma utaratibu nikashuka, mngekuwa mnanisikiliza nikisimulia habari nyingine leo. Lakini nilipoona wameelewa, wanatikisa kichwa, nikanogewa. Nikasema, "Ngoja niwape mfano wa mtu kweli, tumchukue Kulwa, mshindi wetu wa pili, maana yeye mambo yote haya yamemkuta."

Nikaendelea kwa madaha. "Kulwa ameingia uwanjani mechi ishirini. Lakini mbili kati ya hizo aliingia zimebaki dakika nane, kwa hiyo hizo hatuzigusi, hazimo. Zimebaki kumi na nane. Jumla ya alama zake ni mia moja thelathini na tatu nukta mbili. Sasa ukigawanya kwa kumi na nane unapata..." nikashusha macho kwenye karatasi kusoma. Sita nukta sita sita.

Jamani, kumi na nane mara saba ni mia moja ishirini na sita. Hilo halihitaji karatasi. Maana yake jibu lazima lizidi saba, na karatasi yangu inasema sita. Macho yakateremka kidogo nikaziona zile sifuri mbili, zimekaa pale kwenye mstari wake.  Maiki ikaanza kugonga meno yangu, tak, tak, ukumbi mzima unasikia. Nikawaona wale wachimbaji thelathini. Nikaona mlango, uko nyuma yao. Nikawaza mke wangu yuko nyumbani na mtoto wa miezi minne.

Nikasema, "...unapata wastani wake. Kwa kifupi, tuendelee."

"Mwalimu," ikatoka sauti mstari wa mbele. Mama Nkwimba, mnunuzi wa dhahabu, mama ambaye kikokotoo cha simu hakimtoki mkononi hata kanisani. "Hujasema ni ngapi."

"Ni... ni kama nilivyoandika, mama."

"Mimi nimepata saba nukta nne. Na huyo wa kwanza umeandika ana ngapi?"

 Nikajifanya napanga karatasi zangu. Akajibu yeye mwenyewe, akiisoma ile karatasi niliyoibandika ukutani kwa mkono wangu: "Saba nukta moja." Kisha akageuka nyuma kana kwamba anauliza bei sokoni, "Saba na nne si kubwa kuliko saba na moja?"

 Viti vya nyuma vikaanza kusogezwa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Wanataka kumnyang'anya!" Mwingine, "Mleteni huyo mwalimu huku!" Nikarudi hatua moja, nikagonga meza, mwenyekiti akasema bila kunitazama, "Usiondoke hapo. Gawanya. Hapa hapa."

Nikagawanya nyuma ya bango la hotuba kwa kalamu ya wino mzito, haraka haraka hata nne yangu ilifanana na tisa. Saba nukta nne. Nikarudia. Saba nukta nne. Ya Masanja mia moja arobaini na mbili kwa ishirini, saba nukta moja, haikuwa na kasoro yoyote. Nikasema kwenye maiki, sauti siyo yangu, kwamba mchezaji bora ni Kulwa. Yule kocha wa Mwanza akatoa kalamu, akakata jina kwenye barua, akaandika jingine juu yake, mwenyekiti akatia sahihi pembeni. Ndivyo ilivyoisha, mstari mmoja wa kalamu. Kulwa akaletwa mbele kwa kusukumwa, akawa anasema tu, "Lakini mwalimu, lakini mwalimu."

Wale wachimbaji hawakunipiga. Masanja alisimama mbele yao, mikono imenyooka pembeni, akawaambia kwa Kisukuma wakae, wakakaa. Kisha akatoka nje bila kuniangalia. Afadhali wangenipiga.

Nilijificha nyuma ya jukwaa, karibu na spika, nimelowa jasho mpaka mgongoni, nikawa nasubiri watu watoke. Akaja mama yake Masanja. Mrefu, kitenge kipya, hajafuta machozi. Nikamwambia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu alikosea nini, baba?"

"Hakukosea kitu, mama. Nilikosea mimi."

"Huko nje wanasema alikuhonga umwandike jina. Wanasema alijua mapema. Mimi nimewaleta watu sita kutoka Runzewe, baba. Wamesikia hivyo." Akanishika mkono, si kwa ukali, akaninyooshea ile maiki iliyokuwa juu ya spika. "Hayo uliyoniambia mimi, waambie na wao."

Ndugu zangu, mara ya kwanza niliogopa kupigwa. Hii ya pili niliogopa kitu ambacho hata sijui nikiiteje. Nilipanda. Watu walikuwa wanavaa majaketi, wanaita bodaboda. Nikasema jina langu lote, nikasema ni mimi niliyeweka sifuri mbili pasipostahili, nikasema Masanja hakunipa hata soda, nikasema ni mimi niliyemwambia mapema kwa sababu ya kiherehere changu, na kwamba alama zake zile saba nukta moja kazipata kwa miguu yake na hakuna mtu wa kuzitoa. Baadhi walicheka. Mama yake alisimama mpaka nikamaliza, akasema "Wabeja," ndiyo asante ya Kisukuma, akafunga kitenge, akatoka na wenzake.

Kulwa alikwenda Mwanza, wakamchukua. Masanja alihamia timu nyingine Geita. Tukikutana stendi ananiamkia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, na hasimami. Tangu siku hiyo alama nazisoma kwa sauti mbele ya wachezaji wote kila baada ya mechi, na asiye na alama nasema hana. Na nimeapa, mtu asiniulize tena nani ameshinda. Hata mke wangu akiniuliza, namwambia asubiri kama wengine.