Mstari wa Kutoka

Naandika haya na sijui kama nayaandika sawasawa. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kisha kozi ya kutaipu Shinyanga. Lakini niliyoyaona niliyaona.

Ofisi yetu ya huduma za barua pepe ilikuwa Bariadi mjini, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha chama cha ushirika. Ukutani ilibaki rangi ya kijani na misumari ya kutundikia vipimo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa mjini, na hao ndio walikuwa wateja wetu wakubwa, maana wengi hawakuwa na kompyuta. Mwenye duka alimpa kila mteja anwani yake. Anwani zote zilikaa kwenye programu moja, ndani ya kompyuta moja, na mtaipaji mmoja, mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mstari wa Kutoka, ule unaoonyesha barua inatoka kwa nani. Ukiandika barua mpya, programu iliweka anwani ya ofisi yenyewe bila kukuuliza. Ukijibu barua iliyoingia, iliweka anwani ambayo barua ile ilikuwa imeandikiwa. Kama hutaki hivyo, unabonyeza kimshale pembeni, orodha inashuka, unachagua. Usipoangalia, maneno ya mtu yanaondoka kwa jina la mtu mwingine. Wanunuzi wakaufanya utani.

"Dada, leo nitoke kama nani?"

"Toka kama mwenzako hapo, labda kiwanda kitakujibu."

"Nikitoka kama huyu watanikamata!"

Mzee mmoja wa upande wa Sapiwi, aliyewahi kuwa karani wa pamba, alikuwa na anwani kwetu. Mkewe naye alikuwa na yake. Mtoto wao wa kiume alikwenda Uholanzi kusoma, akaoa huko, akawaarifu baada ya harusi. Mzee alikuwa amekwisha kumtengea ng'ombe wa mahari. Alikuja ofisini na koti lake la kanisani akaniamrisha nitaipu: "Kama huna haja na ng'ombe wangu, huna haja na mimi. Usiniandikie tena." Ikatoka kwa anwani ya mzee mwenyewe.

Tangu hapo kijana aliandika kwa mama tu. Mama alikuja kila Jumatatu, siku ya mnada, nikamsomea, akajibu kwa mdomo nami nikataipu. Mwishoni hakukosa kusema, "Andika, baba yako anakusalimia sana." Nilijua mzee hajasema hivyo. Lakini anwani ilikuwa ya mama na maneno ni ya mama, sikuona kama ni juu yangu kumkatalia.

Kisha mzee akaugua figo. Siku moja akaletwa kwa baiskeli, akaketi kwenye benchi, akapumzika kwanza, ndipo akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola kidogo. Nataka kumwandikia yule."

Nikafungua barua ya mwisho ya kijana, ile aliyomwandikia mama, nikabonyeza kujibu ili anwani yake ijiweke bila mimi kukosea herufi. Mstari wa Kutoka ukajaza jina la mama, kama kawaida yake. Nikaubadilisha, nikaweka la mzee. Akasema polepole:

"Mwanangu. Nilisema kwa hasira. Mkeo ni mkwe wangu. Wale ng'ombe bado wapo, sikuwauza. Njoo uwaone, nami nikuone. Baba yako."

Simu tuliyounganishia mtandao ilikuwa imekatika siku ile, kwa hiyo barua ikabaki kwenye sanduku la zinazosubiri kutumwa. Kabla laini haijarudi, mama akaja mbio, kanga begani.

"Binti yangu, ameandika?"

"Ameandika, mama. Inasubiri laini."

"Imekaa kwa jina la nani?"

"La baba mwenyewe."

Akashika meza. "Ibadilishe. Iweke kwangu. Yule mtoto aliniambia za baba yake hazisomi. Kwangu anafungua siku hiyohiyo."

Ilikuwa rahisi: kuifungua, kubonyeza kimshale, kuchagua. Mkono wangu ulikuwa pale. Nikamwambia, mama, maneno ni ya baba, twende tumuulize. Tukaenda kwa mguu hadi nyumba ya dada wa yule mzee, palepale mjini, alikokuwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni.

Mzee alimsikiliza mkewe hadi mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha kukohoa.

"Wewe umemsalimia kwa jina langu mara ngapi?"

Mama akaishusha kanga begani.

"Unadhani sijui? Sasa nikipita mlangoni kwako, atasema ni mama tena. Nitakuwa sijasema kitu. Mayu, iache kwangu."

Nikaiacha. Mama naye akataka yake iende sambamba, kwa anwani yake: "Baba yako amekuandikia. Ifungue." Laini iliporudi, zote mbili ziliondoka, ya mzee mbele, ya mama nyuma. Mzee akawa anauliza kila anayetoka mjini kama majibu yamekuja.

Jibu lilikuja kwa mama. Nilipolisoma sikuweza kulisoma kwa sauti.

"Mama, nimeangalia, hakuna kitu kutoka kwa baba. Najua unatutakia mema. Lakini acha kunitungia salamu."

Nikafikiria kuituma upya barua ya mzee kwa anwani ya ofisi, na maelezo yangu juu yake. Nilikuwa nimeanza kuandika pale mpwa wa mzee aliposimama mlangoni ameshika kofia mkononi. Mzee alikuwa amekata roho asubuhi ile.

Kijana alifika baada ya maziko, na mkewe. Baadaye akaja ofisini peke yake. Mrefu, mabega ya baba yake.

"Dada, mama anasema ipo."

Nikafungua sanduku la zilizotumwa. Hakusoma barua kwanza, alisoma mstari wa Kutoka. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya jina la baba yake.

"Ilitoka kweli?"

"Ilitoka."

"Mbona haikunifikia? Nitumie tena. Sasa hivi."

"Kwa anwani gani?"

Nilimuuliza kwa sababu ndiyo kazi yangu, sikuwa na maana nyingine. Akanitazama. Kisha akavuta kipanya mwenyewe, orodha ikashuka: wanunuzi, ofisi, mama yake, baba yake. Akachagua baba yake.

Tukaunganisha simu, ikaenda. Akafungua sanduku lake la mtandaoni, akangoja. Zikaonekana za watu wengine. Ya baba haikuonekana. Akabonyeza tena. Kisha, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoweka kitu, akafungua kikapu cha taka.

Ilikuwa humo. Mpya, haijafunguliwa.

"Niliweka mimi," akasema. "Ile siku ya maneno yale. Nililiambia sanduku langu, kila kinachotoka kwake kiende taka. Nikasahau kama niliweka." Ile ya kwanza haikuwepo, kikapu hujimwaga chenyewe. Akaweka kichwa mezani juu ya mikono yake, nikafunga mlango wa mbele ili wanunuzi wasiingie.

Mama hajawahi kunilaumu. Lakini nimejiuliza tangu hapo, na sipati jibu lililo la haki kwa wote. Kama ningeiweka kwa mama, kijana angeifungua. Angeamini? Alikuwa ameshaandika, acha kunitungia. Na mzee alisema iache kwangu.

Kabla ya kuondoka, kijana aliitoa ile barua kwenye taka, akalifuta agizo lake. Akaniomba nisiifute anwani ya mzee. Nilimuuliza mwenye duka, akakubali. Ikabaki kwenye orodha, chini ya ile ya mama, na kila niliposhusha kimshale nilikuwa naangalia mara mbili nisije nikaigusa.