Jino Lililomulikwa Bure

Tajiri aliyeniajiri alikuwa mnunuzi wa pamba. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutundika mizani yake Bariadi. Waliporuhusiwa kufungua kliniki, akafungua ya meno, vyumba viwili pale Somanda, akaniajiri mimi, binti tabibu wa meno niliyetoka chuo juzijuzi. Kuhusu meno yeye alijua tu kwamba yanauma.

Siku moja alirudi kutoka Mwanza na mashine ya taa ya bluu. Ilikuwa ya kukaushia kompoziti, ile dawa laini inayotoka kwenye sirinji, ukaipanga jinoni tabaka kwa tabaka, na kila tabaka ukalimulika mpaka likawa gumu. Akamwita mchora mabango, akaandikisha ukutani: TUNAZIBA KWA TAA. Kuanzia hapo hakutaka kusikia dawa nyingine.

Nilikuwa nayo nyingine. Ilikuwa glasi ayonoma, unga kwenye chupa moja na maji yake kwenye chupa ya pili, unavikoroga mwenyewe kwa mwiko mdogo. Haihitaji taa. Yeye aliidharau kwa sababu hiyohiyo.

"Huo unga wako ni wa kuzibia watoto mashuleni," aliniambia. "Hapa ni mjini."

Nilimjibu kwa hasira, maana hasira ni ugonjwa wangu tangu utotoni. Nikamwambia kila shimo lina dawa yake, na kwamba jino si robota la pamba. Alicheka mpaka akashika tumbo. Tangu siku hiyo sikujaribu tena kumweleza, na hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mama yake alikuwa anaishi Migato, mwanamke wa shamba, mwembamba, mwenye macho makali. Jino lake la mbele lilikuwa limemeguka ncha, nikaliziba kwa taa. Hapo taa ilikuwa na haki. Jino la mbele linaonekana, na ncha yake inang'ata. Unga ungemeguka, tena rangi yake ingefifia. Mbele pale niliweza kupakausha vizuri, nikapaka asidi, nikaosha, nikapaka gundi, nikamulika. Alipotoka nilimwambia aende akale anachotaka. Mwanawe alifurahi kama aliyepandishiwa bei ya pamba.

Wiki chache baadaye akamrudisha. Safari hii ni gego la chini kulia, lililotoboka ubavuni, kwenye mzizi, pale linapokutana na fizi. Lilikuwa gego pekee upande ule lililobaki na mwenzake wa juu. Upande wa pili hakuwa na gego hata moja. Likitoka hilo, mama huyu hatafuni tena michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wala nyama, atakuwa mtu wa uji. Alilijua hilo kuliko mimi.

"Mwanangu," aliniambia, amenishika mkono, "hili usining'oe."

Nikaangalia. Fizi ilikuwa imevimba, ukiigusa inatoa damu. Nilizungushia vibonge vya pamba, nikabana, nikasubiri, nikavitoa, na damu ikajitokeza tena taratibu. Kompoziti haipatani na damu wala mate. Ukiiweka pale inashika siku mbili tatu, kisha ukingo unaachia na mate yanapita chini yake, na jino linaoza gizani huku juu panang'aa. Tena pale mzizini hakuna lile gamba gumu la nje ambalo gundi yake inalipenda. Unga wenyewe unalishika jino, unavumilia unyevu kidogo, na unatoa floraidi polepole inayolilinda jino hilo na la jirani. Wala pale ubavuni hakuna kinachong'atwa, kwa hiyo udhaifu wake haungemdhuru.

Tajiri alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni.

"Taa, daktari," alisema. "Kwa mama yangu nataka taa."

"Bosi, hapa..."

"Nimesema taa. Au nikatafute anayejua kuitumia?"

Hasira ikanipanda. Ningeweza kumweleza kwa utulivu, maneno matano tu. Badala yake niligeukia meza, nikampa mgongo wangu mpana aliokuwa akiutania kila siku. Nikatoa unga.

"Hiyo nini?"

"Ya kuweka chini kwanza," nilisema. Kuna wakati kweli huwekwa chini ya kompoziti, kwa hiyo ulimi haukusita.

Nilisafisha shimo, nikakandamiza fizi kwa pamba mpaka ikatulia. Kisha nikakoroga haraka, maana unga ule haungoji. Unauweka ungali unang'aa. Ukipoteza mng'ao umechelewa, haushiki. Tone moja la damu lilianza kuchungulia ukingoni, nikalibana, nikajaza, nikakandamiza kwa kidole chenye vaselini. Nikahesabu moyoni. Tajiri alisogea hatua moja.

Hapo nikawasha taa. Nikaimulika dawa isiyohitaji taa, nusu dakika nzima, na chumba kikawa bluu. Nikamsikia akivuta pumzi ya kuridhika, nami nikajichukia.

Nikapaka vaselini juu yake ili mate yasiiharibu, nikamwinamia mama nikamnong'oneza asile kitu kwa saa nzima, na siku hiyo asitafunie upande ule. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa.

Gego likasimama. Lakini uongo wangu nao ulisimama. Unga ulipoisha niliomba mwingine, tajiri akakataa. "Mama yangu amezibwa kwa taa kwenye fizi, unga wa nini?" Kumwambia ukweli kungenifukuzisha kazi.

Baada ya mavuno mama alikuja kusalimia. Kwenye benchi alikuwepo mwanamke mmoja mwenye shimo kama lake, mzizini, fizi inavuja vilevile. Tajiri akamwambia mama yake afumbue kinywa, watu waone kazi ya taa. Kisha akanigeukia.

"Na huyu mfanyie hivyohivyo."

Nilisimama na sirinji mkononi, chupa ya unga iko tupu kabatini. Hatima ya jino la yule mwanamke ilikuwa mikononi mwangu. Nikasema, "Siwezi. La mama sikuliziba kwa taa."

Tajiri alimtazama mama yake kama anayeomba msaada.

"Nilijua," mama alisema. "La mbele aliniambia nikale. Hili alilipaka mafuta, akanikataza kula saa nzima. Kitu kilichokwisha kukauka kwa taa, kina haja gani ya kusubiriwa saa nzima?"

"Mayu, mama yangu, ulijua ukanyamaza?"

"Jino lilikuwa langu."

Yule mwanamke nilimziba kwa dawa ya muda, nikamwambia asubiri unga. Tajiri hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza kwa sauti ndogo kwa nini sikumweleza, na kweli sikuwa nimemweleza, nilikuwa nimemtukania pamba yake tu. Jioni alinipa barua ya kuachishwa kazi.

Nilipata kazi hospitali ya serikali, kung'oa meno kuanzia asubuhi hadi mchana. Siku moja nikamwona mama yake tajiri kwenye foleni, ana kifurushi cha michembe.

"Mwangaluka, mayu," aliniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama, kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Mwanangu aliagiza unga. Chupa nne."

"Lini?"

"Siku ileile. Kabla hajakuandikia barua."

Akatoa kipande kimoja cha michembe kwenye kifurushi, akakitia mdomoni upande wa kulia, akakitafuna kwa gego lile mbele yangu mpaka kikaisha.