Salio la Maji

Nilirudi nyumbani kutoka Ghuba kwa hiari yangu, wala sikufukuzwa wala mkataba haukunishinda. Nasema hivyo mapema kwa sababu Ukunda mtu akirudi watu humtafutia aibu. Stashahada yangu ya uuguzi niliilipia kwa kuuza mahamri kabla ya darasa, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. Kule ng'ambo nilifanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi, miongoni mwa watu waliodhani kwetu hatujui hata kuosha mikono, na nilipoondoka walikuwa wakiwatuma wauguzi wao wapya kwangu wafundishwe. Nimejenga Bongwe nyumba ya mawe yenye vigae hadi jikoni. Yote hayo ni jasho langu.

Basi nilipoajiriwa katika hospitali moja ya huku kwetu kusini, kitu cha kwanza kilichoniudhi kilikuwa chati za maji. Chati ya maji ni karatasi inayotundikwa kitandani mwa mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi kujisawazishia maji: upande mmoja huandikwa kila kilichoingia, dripu, dawa za mshipani, alichokunywa, upande wa pili kila kilichotoka, mkojo, matapishi, kuharisha. Saa kumi na mbili asubuhi siku moja hufungwa na nyingine hufunguliwa. Kisha mtu anapaswa kujumlisha, atoe, apate salio, ili daktari akija raundi asome mistari mitatu tu badala ya kukodolea macho mwandiko wa watu sita.

Nilichokuta ni vurugu. Dripu ya nusu lita iliyotundikwa alfajiri iliandikwa nzima, ilhali ilipofika saa kumi na mbili ni robo tu iliyokuwa imeingia. Halafu zamu ya mchana ikaiandika tena nzima. Mahali pa mkojo mtu aliandika "amekojoa vizuri." Vizuri ni mililita ngapi? Nikaanza kuja mapema kuliko wote, napita kitanda kwa kitanda na jagi langu la kupimia, nasoma kilichobaki kwenye mfuko wa dripu, naondoa kilichohesabiwa mara mbili, na mwisho naandika kwa wino mwekundu: kuingia, kutoka, salio. Wenzangu wakanibandika jina, Bi Salio. "Bi Salio, nisambazie salio basi, simu yangu haina kitu," walinitania. Sikujali. Tangu nianze, hakuna daktari aliyebishana na hesabu yangu.

Ndipo akalazwa fundi mmoja wa vigae, kijana wa kufanya kazi katika nyumba za wageni Diani. Aliharisha vibaya, akavumilia, akawa anameza vidonge vya maumivu ili asikose kibarua. Alipofikishwa kwetu figo zilikuwa zimelala. Tulimrudishia maji aliyopoteza, lakini figo hazikuamka. Mkojo ulidondoka kidogo tu kwenye mfuko. Daktari akaweka amri ya kawaida kwa hali kama ile: kwa siku apewe kiasi cha mkojo alioutoa jana, na nusu lita juu yake. Hiyo nusu lita ni ya jasho na pumzi, ambayo hakuna jagi linaloipima. Ukifuata hivyo, uzito wa mgonjwa husimama au hushuka kidogo.

Aliyemuuguza alikuwa mamake, mwanamke wa Munje aliyejitanda leso mbili na asiyekaa kitini hata akiletewa. Mwanawe alikuwa ndiye aliyebaki. Wengine wawili alishawazika. Siku ya kwanza nilimwonya mbele ya kitanda.

"Shikamoo mama. Maji tumeyapunguza. Ni kikombe hiki tu, nasi ndio tutakaokijaza."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia. Hata akinililia simpi."

Akatimiza. Nilimwona akimlowesha mwanawe midomo kwa kitambaa, mgonjwa akikinyonya, naye akikivuta taratibu kama anayemwachisha mtoto ziwa. Kila zamu wauguzi waliuliza, "Amekunywa maji?" naye akaonyesha kikombe: kile kile, hadi pale pale.

Asubuhi ya siku ya nne nilizifupisha chati zake tatu ziwe ukurasa mmoja. Siku ya kwanza: kuingia mia nane na hamsini, kutoka mia tatu na hamsini, salio mia tano za ziada. Ya pili: mia nane, mia tatu, salio mia tano. Ya tatu: mia saba na hamsini, mia mbili, salio mia tano na hamsini. Hesabu safi kabisa. Ukiondoa jasho na pumzi, mtu huyu alikuwa amesimama palepale.

Lakini miguu yake ilikuwa imevimba, kidole kikibonyeza shimo linabaki. Nikasema apimwe uzito. Tangu chati ya kwanza ifunguliwe alikuwa ameongezeka kilo tatu na nusu.

Niliiangalia mizani kwanza. Nikapanda mwenyewe, nami najua uzito wangu kwa sababu najitunza. Mizani ilisema kweli. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kama tatizo lingekuwa mkojo uliomwagwa bila kuandikwa, uzito ungeshuka chini ya hesabu yangu. Umepanda. Maana yake kulikuwa na lita tatu na nusu zilizoingia katika mwili ule pasipo kupita kwenye karatasi.

Nikamrudia mama. Nilikuwa na hasira, lakini nikakumbuka adabu.

"Mama yangu, niambie ukweli. Nani anampa maji?"

"Maji?" Akaudhika. "Wallahi tena, zaidi ya kikombe chenu hajaonja tone. Muulize mwenyewe. Waulize hawa."

Jirani wa kitanda cha pili, mzee aliyekuwa na mguu umefungwa bendeji, akadakia: "Sista, huyu mama ni askari. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma kijana nikataka kumpa kidogo, nikatukanwa kwa Kidigo mpaka nikajifunika shuka."

Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Ndilo lililonikosesha raha. Nikasimama pale, ukurasa mkononi, na wino mwekundu ulikuwa umekauka. Kisha nikauliza swali ambalo chati yetu haikuwahi kuuliza.

"Na kisichokuwa maji? Anakula nini?"

"Uji hautaki. Wali hautaki. Kinachopita ni dafu tu."

"Dafu?"

"Dafu, mwanangu. Si umesema maji yapunguzwe? Dafu si maji, dafu ni tunda. Linasafisha figo, kila mtu anajua. Moja alfajiri, moja adhuhuri, moja baada ya magharibi. Shemeji yake huyaleta kwa pikipiki, mabichi, ya mnazi wetu wenyewe." Akavuta kikapu kutoka uvunguni. Hakukificha kamwe. Kilikuwa hapo siku zote, nasi tulikiona kama tunavyoona ndala za watu.

Nikaomba moja, likatobolewa, nikalimimina kwenye jagi. Mililita mia nne na ushei. Mara tatu kwa siku, siku tatu. Hesabu ilikubaliana na mizani, na sijawahi kuchukia hesabu iliyokubaliana kama ile. Tena maji yalikuwa nusu tu ya balaa. Dafu limejaa potasiamu, na figo zilizolala haziwezi kuitoa. Hubaki kwenye damu mpaka moyo wenyewe unapotea njia.

Sikumwambia. Nilisema tu, "Asipewe lingine, mama, mpaka daktari aseme."

"Hata la adhuhuri?"

"Hata la adhuhuri."

Daktari wa zamu alikuwa kijana wa bara, mwepesi wa kucheka. Raundi ilipofika nilimsomea siku ya tatu upya: kuingia elfu moja mia tisa na hamsini, kutoka mia mbili, salio elfu moja mia saba na hamsini za ziada.

"Sista, jana si ulikuwa umenipea mia tano?"

"Jana dafu lilikuwa tunda."

Alianza kutabasamu, kisha akaelewa. "Madafu ngapi?" Nikamwambia. Hakucheka tena siku ile. Tukampima moyo; mistari ya kipimo ilikuwa imechongoka kama mapaa ya hema. Akaandika dawa ya kalsiamu ya kuulinda moyo, nikaisukuma mwenyewe mshipani, polepole, jicho likiwa kwenye mashine. Tukaweka insulini na glukosi ili kuisukuma potasiamu irudi ndani ya seli. Mistari ikalegea kidogo. Hayo yote hununua saa chache tu. Alichohitaji ni mashine ya kusafisha damu, na nafasi iliyopatikana ilikuwa ng'ambo ya kivuko. Ambulensi ilikuwa imekwenda Shimoni kumchukua mama mjamzito. Nilipiga simu. Nilipiga tena. Nilitumia sauti yangu ya Ghuba, ile iliyowahi kumwamsha mkurugenzi, na dereva akanijibu kwa upole kabisa kwamba barabara ni moja na gari ni moja.

Moyo ulisimama muda mfupi baada ya adhuhuri. Tuliukanda. Mimi hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi, na nilifanya hivyo mpaka daktari akanishika bega. Kisha, kama inavyotakiwa, nikafunga chati yake: nikaandika kilichoingia hadi saa ile, kilichotoka hadi saa ile, na salio. Ulikuwa ukurasa sahihi kuliko yote niliyowahi kuandika.

Mamake hakupiga kelele. Alimfunga mwanawe taya kwa leso, akamfumba macho, akasema *Inna lillahi*. Akanigeukia.

"Laiti usingelizuia lile la adhuhuri, mwanangu. Huenda lingemsukuma mpaka gari lifike."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na stashahada ya majibu. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye, mama," na nikadhani nimemwachia angalau hilo, la kunilaumu mimi.

Wanaume wa kwao walipokwenda kushughulikia maiti, alianza kukusanya vitu vyake. Kikapu kilibaki na madafu matano. Akayatazama, akayabeba akavuka nayo kwenda kona ya dirisha, kwa mgonjwa mwingine wa figo, ambaye chati yake pia ilikuwa na wino wangu mwekundu.

"Chukueni," akawaambia jamaa zake. "Yawe sadaka ya mwanangu. Mpeni moja sasa hivi, yanasafisha."

Binti wa mgonjwa alikwisha kunyoosha mikono. Nilifika kabla halijatobolewa. Nikaliondoa mikononi mwake, kisha nikakichukua kikapu chote.

"Huyu hapewi," nikasema. "Watu wa figo hawapewi dafu."

Mama aliniangalia. Akaangalia kikapu. Niliona akirudi nyuma katika siku zile, alfajiri kwa alfajiri, adhuhuri kwa adhuhuri, akihesabu kama mimi nilivyohesabu, na niliona alipofikia jumla.

Akakaa chini, sakafuni, pale pale aliposimama. Nami nilikuwa nimesimama mbele yake na kikapu, na sikuwa na mkono mtupu wa kumshika.