Maji ya Chanjo

Mimi ni mjuaji, jirani zangu wa Itetemia wote wanalijua hilo. Kuku wa yule mama wa ng'ambo ya njia walikuwa wakinywea karai wazi, wanalikanyaga na kulinyea. Nilimsumbua mpaka akanunua vinyweshea vya ndoo inayopinduliwa juu ya sahani. Akaniita mwalimu. Kwangu kulikuwa na bomba lenye chuchu, ambazo kuku huzidonoa maji yakatoka. Kila wiki nilipitisha maji kwa kasi hadi utelezi wa ndani utoke, na tangi nililiweka kivulini, nimelivika gunia bichi, maana kuku hawataki maji ya moto.

Chupa ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, inatosha kuku wengi, kwa hiyo mimi naye tulinunua moja tukagawana. Asubuhi ile tuliwanyima kuku maji kwanza ili wapate kiu. Mimi nikachota maji ya baridi kwenye mtungi wangu, nikakoroga chanjo ndani ya ndoo, nikammiminia nusu yake. Kuku wakanywa vizuri, tukafurahi.

Wiki ya tatu kuku wake wakaanza kupinda shingo. Siku ya pili akafukia kumi na moja, ya tatu sikuuliza. Alisema tuliuziwa chanjo mbovu, nami nikamwitikia.

Bwana mifugo alipopita kwangu aliuliza swali moja tu.

"Maji ya kukorogea ulitoa wapi?"

"Mtungini. Ni safi, kila jioni natia klorini."

Akanitazama. "Chanjo ile ni kidudu hai, mama. Klorini imekiua kabla kuku hawajanywa."

Alisema kuku wangu hawana kinga yoyote, nichanje upya siku hiyo hiyo, kwa maji ya kisima yasiyo na dawa, nikoroge na maziwa ya unga kidogo ya kuilinda chanjo, yaishe ndani ya saa mbili. Na nisikanyage kwa jirani, wala kitu chake kisiingie kwangu. Nilichanja siku hiyo hiyo. Kila kuku aliyekohoa niliona ndiye wa kwanza.

Siku ya nne tangu nichanje upya, jirani akaja getini na vinyweshea vyake, amevisugua vinang'aa.

"Chukua, mwalimu. Mimi sina tena wa kunywesha."

Nilirudi nyuma, nikashika komeo la geti. Nikamwambia asiingie.

"Unaniogopa mimi?" aliuliza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikamwambia. Nikataja mtungi, nikataja klorini, nikataja mkono wangu uliokoroga. Nyuma yangu kuku walikuwa wakigonga chuchu wakinywa, nikatamani wanyamaze.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaviweka vinyweshea chini, nje ya geti.

"Vioshe tena mwenyewe," alisema, "maana unajua kuosha."